Kidonge cha Nafuu na Kidonge cha Uhai

Mgonjwa wa moyo akitoka wodini na mfuko wenye vidonge vya aina tano, kimoja huwa anakiamini kuliko vyote. Ni Lasiksi, ambayo kwa jina la kitaalamu ni furosemidi. Akikimeza asubuhi, haijafika saa nne ameshakwenda msalani mara tatu, na baada ya siku chache miguu iliyojaa hadi viatu vikakataa kuingia inarudi kuwa miguu. Hivyo vingine havioni faida yake. Kimoja kinamlegeza mwili, kingine kinampa kikohozi kikavu usiku kucha, cha tatu hajui hata kimewekwa cha nini. Pesa ikipungua anajua cha kununua na cha kuacha.

Kwa macho ni uamuzi wa busara, ila una hatari kubwa. Furosemidi haijawahi kuonyeshwa kwa majaribio makubwa kwamba inarefusha maisha ya mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu. Zinazorefusha ni zile anazoziacha. Mwanafunzi wa utabibu au ufamasia anayejiandaa kwa mtihani, badala ya kukariri orodha ndefu, angeanza na swali moja kwa kila dawa: hii inampunguzia mgonjwa dalili, au inampunguzia kifo?

Tuchukue mgonjwa wa mfano, mama wa miaka 54 mwenye presha ya muda mrefu ambayo hakuitibu sawasawa. Umri huo si wa kushangaza kwetu. Utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliona kwamba wastani wa umri wao ni miaka 52 na kwamba chanzo kikuu ni presha. Mama huyu anahema akipanda ngazi, usiku analalia mito mitatu, miguu imevimba. Kipimo cha eko kinaonyesha EF ya asilimia 28, yaani kila moyo unapojikamua unatoa asilimia 28 tu ya damu iliyojaa kwenye chumba chake kikuu. Kwa mtu mzima mwenye afya ni asilimia 55 au zaidi. Presha yake ni 128/80, mapigo 96 kwa dakika, potasiamu 4.2.

Anapewa furosemidi, maji yanatoka, uzito unashuka kilo nne, analala bila mito. Anajiona amepona. Moyo wake bado uko vilevile.

Moyo unapodhoofika, mwili hudhani umepoteza damu, kama vile mtu kachomwa kisu. Unafanya yale ambayo yangemwokoa majeruhi: unamwaga adrenalini ili moyo upige mbio, unabana mishipa kwa kemikali iitwayo anjiotensini, na unaamrisha figo zishike chumvi na maji kwa homoni ya aldosteroni. Kwa saa chache hatua hizo zinaokoa. Zikiendelea kwa miezi, moyo ulio dhaifu unalazimishwa kusukuma damu kwenye mishipa iliyobanwa, misuli yake inatanuka na kujaa makovu, na siku moja mapigo yanavurugika mgonjwa anaanguka ghafla. Furosemidi inatoa maji, lakini haizimi king'ora hicho.

Kwa miaka mingi madaktari nao walifuata njia iliyoonekana ya wazi: moyo ni dhaifu, basi uchochewe upige kwa nguvu. Milrinoni ilifanya hivyo, na wagonjwa waliona nafuu. Ilipojaribiwa kama kidonge cha kila siku, matokeo yakatoka mwaka 1991 kwamba waliopewa dawa walikufa zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na kitu. Ilikuwa kumchapa bakora punda aliyekwisha kuchoka. Digoksini ina historia ya upole kidogo. Mganga wa Kiingereza William Withering aliandika habari za mmea wake mwaka 1785, lakini ilingoja hadi mwaka 1997 kupimwa kwa jaribio kubwa la DIG, lenye wagonjwa 6,800. Idadi ya waliokufa ilikuwa karibu sawa pande zote mbili, asilimia 35. Ilipunguza kulazwa hospitalini, basi. Inafaa kwa baadhi ya wagonjwa, ila isihesabiwe miongoni mwa dawa za uhai.

Dawa za uhai zilipatikana kwa kwenda kinyume, kwa kuuzuia mwili usijidhuru. Ya kwanza ilikuwa enalaprili, inayozuia anjiotensini isitengenezwe. Jaribio la CONSENSUS, lililofanyika nchi za Skandinavia na kutolewa mwaka 1987, lilichukua wagonjwa 253 waliokuwa hoi, wanaohema hata wakiwa wamekaa. Katika miezi sita, kati ya kila 100 wasiopewa dawa walikufa 44. Waliopewa walikufa 26. Sioni haja ya kulitia chumvi tokeo hilo. Wanaopata kikohozi kisichovumilika huhamishiwa losartani, valsartani au kandesartani, zinazofunga mlango wa anjiotensini badala ya kuizuia isizaliwe. Mwaka 2014 mchanganyiko wa sakubitrili na valsartani uliishinda enalaprili yenyewe kwa kupunguza vifo, ila ni ghali, na hautolewi pamoja na enalaprili. Saa 36 lazima zipite kati ya moja na nyingine, la sivyo midomo na koo vinaweza kuvimba mgonjwa akakosa pumzi.

Kundi la pili ndilo lililowashinda madaktari kuamini. Bisoprololi, karvediloli na metoprololi ya saksineti huzuia adrenalini na kupunguza kasi ya moyo. Zamani vitabu vilikataza kabisa kumpa dawa ya aina hii mtu ambaye moyo wake umeshindwa, na hofu ilikuwa na msingi, maana ukimpa dozi kubwa wakati amejaa maji unaweza kumzamisha. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Sweden, waliandika habari za wagonjwa saba waliopata nafuu kwa dawa za aina hiyo, na wengi hawakuwasadiki. Ilichukua karibu robo karne. Mwaka 1999 jaribio la CIBIS-II, lenye wagonjwa zaidi ya 2,600, lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu bisoprololi ilikuwa imeshapunguza vifo kutoka asilimia 17 hadi 12, na vifo vya ghafla vilipungua zaidi. Hapa mtahiniwa asighafilike: si kila dawa ya ukoo huu ina ushahidi. Atenololi, ambayo ni rahisi na imejaa madukani, haina ushahidi huo katika ugonjwa huu.

Ya tatu ni spironolaktoni, inayoziba aldosteroni. Wengi wanaiona kama dawa nyingine tu ya kukojoza, tena dhaifu. Katika jaribio la RALES, mwaka 1999, miligramu 25 kwa siku zilishusha vifo kutoka 46 hadi 35 kwa kila wagonjwa 100 katika miaka kama miwili. Na ni ya bei nafuu. Ningeambiwa nitaje dawa moja inayosahauliwa bure, ningeitaja hii.

Ya nne ilizaliwa kama dawa ya kisukari. Dapagliflozini na empagliflozini huifanya figo imwage sukari kwenye mkojo, na mwaka 2019 ikathibitika kwamba dapagliflozini hupunguza vifo vya wagonjwa wa moyo dhaifu hata wasio na kisukari. Dozi ni moja, miligramu 10, haihitaji kupandishwa, na presha haishuki sana. Bei yake bado ni mzigo kwa wengi. Mgonjwa aambiwe pia kwamba anaweza kupata fangasi sehemu za siri, na kwamba akitapika au akishindwa kula aisimamishe kwanza na kumjulisha daktari.

Turudi kwa mama yetu. Presha yake inatosha kubeba dawa zote, kwa hiyo hakuna sababu ya kumaliza moja kwa miezi kabla ya kuanza nyingine. Anaanza enalaprili miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, spironolaktoni 25, na dapagliflozini 10 akiimudu. Maji yakishatoka, anaongezewa bisoprololi miligramu 1.25, yaani kipande kidogo sana, inayoongezwa maradufu kila baada ya wiki mbili kama mapigo na presha vinaruhusu, ikilenga 10. Enalaprili nayo inapandishwa hadi 10 au 20 mara mbili kwa siku. Dozi zilizookoa watu katika majaribio zilikuwa hizo kubwa, na kosa la kila siku kliniki ni kumwacha mgonjwa miaka mitatu kwenye dozi ya kuanzia.

Baada ya wiki moja anapimwa damu, kisha tena baada ya wiki nne. Enalaprili na spironolaktoni zote hupandisha potasiamu. Ikivuka 5.5, spironolaktoni inapunguzwa nusu. Ikifika 6 inasimamishwa, kwa kuwa potasiamu nyingi husimamisha moyo bila kubisha hodi. Kreatinini kupanda kidogo ni jambo la kutarajiwa na si sababu ya kukimbia. Wiki ya kwanza ya bisoprololi anaweza kurudi akisema, "Daktari, hii dawa inanichosha." Ajibiwe kwa ukweli: "Mama, uchovu huo utapungua ndani ya wiki chache. Jipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo mbili kwa siku tatu, usingoje tarehe ya kliniki." Furosemidi, maji yakiisha, inaweza kupunguzwa hadi kiasi kidogo kinachomtosha.

Kuna mipaka. Ushahidi huu ni wa watu ambao EF yao ni asilimia 40 au chini. Kwa wenye moyo mgumu lakini unaokamua vizuri, kundi la nne hupunguza kulazwa, ila kurefusha maisha hakujathibitishwa. Moyo ulioharibiwa valvu na rumatiki unataka ufundi wa upasuaji. Na mjamzito hapewi enalaprili, losartani wala sakubitrili, kwa kuwa zinamdhuru mtoto tumboni, na spironolaktoni huepukwa. Kwake, na kwa wenye figo zisizoimudu enalaprili, kuna hidralazini pamoja na isosorbidi dinitreti. Mwaka 2004 jozi hiyo, ikiongezwa juu ya dawa nyingine, ilipunguza vifo miongoni mwa Wamarekani weusi kutoka asilimia 10 hadi 6.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, tazama cheti chake cha dawa. Ukikuta Lasiksi na digoksini peke yake, usimwachishe wala usimwongezee chochote. Muulize daktari kwa nini nyingine hazipo, huenda figo au presha vimekataa. Na ukienda duka la dawa kumtafutia tiba ya maumivu ya mgongo, taja ugonjwa wake wa moyo kabla hujalipa. Diklofenaki na ibuprofeni hushika maji na kuumiza figo, na siku chache za vidonge hivyo zinatosha kumrudisha wodini. Omba parasetamoli.