Tangazo la Bima ya Simu na Uchungu Linaouchokonoa

Simu ikidondoka kifudifudi kwenye sakafu ya vigae, mwenyewe huiokota kwa woga, hataki hata kuigeuza. Waandishi wa matangazo ya bima ya simu huanzia hapohapo. Mtindo wao maarufu una hatua tatu: wanataja tatizo, wanalitonesha mpaka msomaji ahisi maumivu, kisha wanaleta suluhisho.

Ya pili ndiyo ngumu. Mwandishi mchanga hudhani kutonesha ni kutisha, akajaza alama za mshangao. Fundi wa kazi hiyo hutaja gharama ambayo msomaji anaijua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Simu ni ya shilingi 600,000, na kubadili kioo ni 180,000. Bima ni 6,000 kwa mwezi, na kila anapodai fidia mteja hulipa 30,000 za kwanza. Tangazo linaweza kusema hivi:

“Kioo kimepasuka. Fundi anataka 180,000 na mshahara bado. Wateja wanapiga, hupokei. Pesa zimo kwenye simu, huzifikii. Kwa 6,000 kwa mwezi, kioo kikipasuka unalipa 30,000, zinazobaki tunalipa sisi. Wizi haumo katika bima hii.”

Sentensi ya mwisho wauzaji wengi wangeifuta. Lakini bila hiyo, na kama katikati wangeongeza kibaka wa pikipiki anayepora simu barabarani, tangazo lingechokonoa uchungu ambao bima yenyewe haiutibu. Huo ni ulaghai, hata kama kila neno ni kweli.

Kuna pia hesabu inayojificha nyuma ya “kwa mwezi”. Mwaka mzima ni 72,000. Kioo kikipasuka mara moja, mteja atakuwa ametoa 102,000, akaokoa 78,000. Kisipopasuka miaka miwili, 144,000 zimekwenda. Mwenye akiba na mkono mtulivu huenda asihitaji bima hii kabisa.

Uingereza iliona mambo yanavyoharibika pale uchungu unapouzwa kwa kila anayepita. Mwaka 2019 msimamizi wa huduma za fedha nchini humo, FCA, aliitoza kampuni ya Carphone Warehouse faini ya zaidi ya pauni milioni 29 kwa jinsi ilivyouza bima ya simu iitwayo Geek Squad. Wauzaji hawakufundishwa vya kutosha kupima kama bima ilimfaa mteja. Walifundishwa, hata hivyo, namna ya kumjibu aliyesema tayari ana kinga kupitia benki au bima ya nyumba. Dalili zilikuwepo mapema: wateja wengi walikuwa wakiifuta bima hiyo muda mfupi baada ya kuinunua.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, msomaji atafute ndani ya mkataba lile janga lililomtia hofu kwenye tangazo. Kama halimo, asitoe hela yake.