Kalipa Haisemi Yote: Kutoa Mchoro Kwenye Puli Iliyokamilika

Mwenye mashine ya kusaga nafaka ana puli ndogo ya kukazia mkanda. Inafanya kazi vizuri, anataka nyingine kumi za namna hiyo, na karakana itakayozichonga iko mji mwingine. Kinachohitajika ni mchoro ambao fundi asiyewahi kuiona puli hiyo ataweza kuusoma akatoa kitu kilekile.

Puli yenyewe ni ya chuma, kipenyo chake cha nje ni milimita 120 na upana wake 40. Ndani zimekaa beringi mbili aina ya 6205, ubavu kwa ubavu. Upande mmoja zimezuiwa na bega lililochongwa kwenye puli, upande wa pili zimezuiwa na sekilipu, ile ringi ya chuma cha springi inayokaa kwenye mfereji. Katikati imepita shafti ya milimita 25 iliyokazwa kwa nati kwenye fremu ya mashine. Shafti hiyo haizunguki. Inayozunguka ni puli. Jambo hilo ndilo litakaloamua nusu ya mchoro.

Ukiichora puli kwa nje tu utapata duara na mstatili, na kila kilicho cha maana kitakuwa kimefichwa ndani. Ndiyo maana huchorwa mkato: unafikiria msumeno umeipasua puli katikati ya mhimili, nusu moja imeondolewa, nawe unaitazama iliyobaki. Kwenye mwonekano wa duara unapitishwa mstari wenye herufi A kila mwisho, pamoja na vishale vinavyoonyesha jicho linatazama upande gani, na mchoro wa mkato unaandikwa A–A. Chuma kilichopitiwa na msumeno kinajazwa mistari myembamba ya mshazari, na vipande viwili vinavyogusana hupewa mishazari inayoelekeana ili macho yasivichanganye.

Kuna vitu ambavyo kwa desturi ya uchoraji havipasuliwi hata kama mkato unavipitia: shafti, nati, bolti, gololi za beringi. Shafti iliyopasuliwa haionyeshi kipya, inaongeza mistari tu. Kompyuta haijali desturi hiyo. Kwenye FreeCAD, sehemu ya `TechDraw`, ukibonyeza `Insert Section View` programu itapasua kila kilichomo kwenye mwonekano, na ni juu yako kuyarekebisha. Mchoro wenye shafti iliyojaa mishazari unamwambia msomaji kwamba mchoraji hakuupitia baada ya kubonyeza.

Sasa vipimo. Tundu la beringi kwenye puli hii lilisoma 51.98. Ukiandika 51.98 peke yake umemwagiza fundi kitu kisichowezekana, kwa sababu hakuna leth inayotoa kipimo kimoja kamili mara kumi. Ukiandika 52 na kuacha toleransi za jumla zifanye kazi, hali ni mbaya zaidi: kwa kiwango cha ISO 2768 daraja la m, milimita 52 inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.3. Tundu la 52.3 lingepita ukaguzi na beringi ingecheza ndani yake. Kalipa inakupa namba ya kipande kimoja. Kiasi ambacho namba hiyo inaweza kuyumba huipati hadi ujue kipande kinafanya nini.

Hapa ndipo wengi huandika 52H7 kwa mazoea, kwa kuwa nyumba nyingi za beringi ndivyo zilivyo. H7 kwa 52 ni kuanzia 52.000 hadi 52.030, na beringi ina kipenyo kati ya 51.987 na 52.000. Inaingia kwa kusukumwa kwa mkono, na kwenye mota ya kawaida, ambako ringi ya nje imetulia, hilo ni sawa kabisa. Kwenye puli yetu ringi ya nje ndiyo inayozunguka, huku mkanda ukivuta upande uleule siku nzima. Kila nukta ya ringi hiyo inapita chini ya mzigo kwa zamu, na ikiwa imelegea itaanza kujongea kidogo kidogo ndani ya tundu. Ukiifungua baadaye utakuta unga wa kahawia na tundu limeng'aa kama limepigwa msasa. Beringi bado nzima, puli imekwisha.

Kwa hiyo tundu linaandikwa 52M7: kuanzia 51.970 hadi 52.000. Beringi kubwa ikikutana na tundu dogo, hubanana kwa 0.030, beringi ndogo ikikutana na tundu kubwa, hubaki uwazi wa 0.013. Mara nyingi itaingia kwa presi, bila kugongwa. Ile 51.98 ya sampuli imo humohumo, na ni ishara kwamba aliyeichonga alijua anachokifanya. Shafti, kwa kuwa ringi ya ndani imetulia, inaweza kuwa 25g6, yaani 24.980 hadi 24.993, na beringi itateleza juu yake bila taabu. Nafasi ya 0.03 kwenye tundu haipimwi kwa kalipa ya mkono. Itahitajika mikromita ya ndani, na ni vyema kuiuliza karakana kama inayo kabla ya kuagiza.

Kipimo kingine kinachodai uangalifu ni mfereji wa sekilipu. Beringi mbili zina upana wa 30, sekilipu ina unene wa 2, na mfereji una upana wa 2.15. Mchoraji mwenye haraka ataandika 30 kutoka begani hadi mwanzo wa mfereji. Kwa toleransi ya jumla 30 hiyo yaweza kuwa 29.8, na ukuta wa mbali wa mfereji utaangukia 31.95. Beringi na sekilipu pamoja ni 32.00. Sekilipu haitakaa. Ukuta unaoizuia sekilipu ni ule wa mbali, basi pima hadi huo: 32.1, ikiruhusiwa kuzidi kwa 0.1 na isipungue hata kidogo. Kipenyo cha nje na upana wa puli viachie toleransi za jumla, maana kila namba unayoibana bila sababu inalipiwa kwenye leth.

Orodha ya vifaa hukaa kwenye mchoro wa pili, ule wa vipande vikiwa vimeunganishwa, juu ya kisanduku cha jina. Namba 1 ni puli, chuma cha S235. 2 shafti ya C45. 3 beringi 6205-2RS, mbili. 4 sekilipu 52×2 ya DIN 472. Zile herufi 2RS zisiachwe. Duka litakuuzia 6205 iliyo wazi bila kuuliza, na vumbi la unga litakunywa grisi yake yote. Kisha nati na washa za M20, ambazo hakuna anayezisahau.

Kinachosahaulika ni bushi. Tazama tena mkato: beringi ya upande wa sekilipu imezama milimita 6 ndani ya puli. Nati ikikazwa moja kwa moja, washa yaweza kugusa sehemu inayozunguka badala ya kuibana ringi ya ndani peke yake. Kwenye sampuli kuna bushi fupi yenye kipenyo cha nje cha 32 inayobana ringi ya ndani peke yake, lakini hunasa kwenye shafti puli inapofunguliwa, na hudhaniwa ni sehemu ya shafti. Ipe namba 7. Na kwa kuwa puli ni kumi, andika waziwazi kwamba idadi zilizomo ni za puli moja, la sivyo mnunuzi atarudi na beringi mbili.