Chati ya Nukta na Maumbo na Bei ya Ndagala Wakavu Rumonge: Kuchuja Mwezi Usionekane Kama Mwelekeo

Katika mialo ya Rumonge, na kwa jumla katika ufuo wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi unapopevuka, mwanga wa taa hupoteza nguvu ya kuwakusanya samaki na uvuvi husimama kwa siku kadhaa. Bei hupanda, kisha hushuka usiku wa giza unaporejea. Mshauri wa sera anayesoma grafu ya kawaida, yenye tarehe katika mhimili wa chini, huona vilima na mabonde na anaweza kutangaza uhaba au mporomoko ambapo kilichobadilika ni mwezi tu.

Chati ya nukta na maumbo, ambayo Victor de Villiers aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu soko la hisa, huondoa mhimili huo wa tarehe. Bei hugawanywa katika visanduku vya ukubwa uliowekwa. Kupanda huandikwa kwa X katika safu moja ya wima, na kushuka kwa O katika safu inayofuata. Safu mpya haianzi mpaka bei igeuke kwa idadi fulani ya visanduku, aghalabu vitatu. Wiki ambayo bei haikujaza kisanduku wala kufikia mgeuko haiandikwi kabisa.

Tuchukue bei za mfano, zilizobuniwa kwa ajili ya hesabu tu, za kilo moja ya ndagala wakavu kwa faranga, zikisomwa kila Jumamosi kwa wiki kumi: 20,000, 21,100, 20,600, 20,200, 20,900, 22,300, 21,200, 20,700, 21,400, 22,600. Mwezi ulipevuka katika wiki ya pili, ya sita na ya kumi.

Kisanduku kikiwa cha faranga 500 na mgeuko wa visanduku vitatu, safu ya X huanza 20,000 na kufika 21,000 katika wiki ya pili. Ili safu igeuke, bei lazima ifike 19,500, haikufika. Wiki ya sita hujaza 21,500 na 22,000, na kizingiti cha mgeuko kinapanda hadi 20,500. Bei ya 20,700 katika wiki ya nane inakikaribia bila kukigusa, na wiki ya kumi inajaza 22,500. Wiki kumi zimekuwa safu moja yenye X sita.

Kwa kisanduku cha faranga 200, bei hizohizo hutoa safu tano zinazopishana. Chati hiyo haina kosa la hesabu, ila inachora mwezi. Kwa hiyo ukubwa wa kisanduku hauchaguliwi kwa mazoea ya masoko ya hisa. Hupimwa kwanza kushuka kutoka kilele cha mwezi mpevu hadi bonde la siku za giza, kwa miezi kadhaa, kisha kisanduku huwekwa ili mara tatu yake izidi mshuko wa kawaida. Katika mfano huu mshuko mkubwa ni faranga 1,600, ilhali mara tatu ya kisanduku ni 1,500. Safu iliponea kwa sababu kilele cha 22,300 kilikuwa juu ya kisanduku cha 22,000, na hivyo mshuko uliohitajika ukawa 1,800. Kilele kingekuwa 22,000 kamili, mshuko uleule ungeanzisha safu ya O. Kisanduku cha 600 kingekuwa salama zaidi.

Kuna bei ya kulipa kwa uchujaji huu. Kupanda kwa wiki kumi na kupanda kwa siku moja huchora safu ileile, tofauti ambayo kwa anayepanga akiba ya chakula si ndogo. Dawa yake ni ya zamani: kisanduku cha kwanza kinachojazwa katika mwezi mpya huandikwa namba ya mwezi badala ya X au O. Ufuoni, ni afadhali namba hiyo ihesabu miezi miandamo kuliko miezi ya kalenda.

Hatari nyingine ni kwamba kisanduku kilichojazwa hakifutwi. Wakati wa mwezi mpevu wauzaji huwa wachache, na bei moja ya juu iliyotajwa bila mauzo inaweza kuacha X mbili za kudumu. Dalili yake ni kilele ambacho hakirudiwi katika mialo jirani siku hiyohiyo. Basi iandikwe bei iliyolipwa tu, kwa samaki wa ukavu uleule.

Hatimaye, kisanduku cha faranga 500 ni asilimia 2.5 ya 20,000, lakini ni asilimia 1.25 tu ya 40,000. Faranga ya Burundi ilishushwa thamani Mei 2023, na mfululizo wa bei unaovuka tarehe hiyo kwa kisanduku kisichobadilika hulegeza kichujio polepole, hadi mwezi uanze tena kuonekana katika safu. Kwa mfululizo wa miaka mingi, kisanduku kiwekwe kwa asilimia ya bei.