Ukipata Sifuri, Tazama na Mteremko

Mwaka 1669 Isaac Newton aliandika mfano wa kutafuta mzizi wa x³ − 2x − 5 = 0 kwa mkono. Vitabu vya hisabati vimeurudia mlinganyo huo mara nyingi tangu hapo. Leo Python huumaliza kufumba na kufumbua, lakini kazi ya kuhakiki jibu bado ni ya mtu, na ndiyo inayohitaji akili zaidi.

```python
import numpy as np
for x in np.roots([1, 0, -2, -5]):
    print(x, abs(x**3 - 2*x - 5))
```

Ndani ya mabano tumeorodhesha namba zinazozidisha kila kipeo cha x, tukianzia kipeo kikubwa. Hiyo 0 iliyo nafasi ya pili ina kazi yake, kwa sababu inashika nafasi ya x², ambayo haimo kwenye mlinganyo. Ukiisahau, `np.roots` haitalalamika. Itatatua x² − 2x − 5 = 0 na kukupa 3.449 na −1.449, majibu sahihi ya swali ambalo hukuuliza.

Ndiyo maana kwenye mstari wa mwisho nimeuandika mlinganyo upya kama ulivyo kwenye karatasi. Wengi huhakiki kwa `np.polyval` wakitumia orodha ileile waliyompa `np.roots`. Kama orodha ina kosa, mizizi na uhakiki vyote vitalibeba kosa hilo, na sifuri itatokea kana kwamba mambo ni shwari. Weka 3.449 kwenye mlinganyo halisi uone: unapata karibu 29.

Orodha ikiwa sahihi, mzizi halisi ni mmoja, 2.0945514815. Mingine miwili ni namba changamano, −1.0473 ikiongezwa au kupunguzwa 1.1359j. Mbele ya kila mzizi, badala ya 0 tupu, mara nyingi utaona salio la uhakiki, namba inayoishia na `e-15` au karibu na hapo. Hilo si kosa. Kompyuta huhifadhi namba ya aina hii kwa tarakimu kama kumi na sita tu, na jirani ya 2.09 namba mbili zinazofuatana ziko umbali wa takribani `4e-16`. Mchoro wa polinomia yetu unapopita hapo unapanda kwa mteremko wa karibu 11, hivyo kusogea hatua moja tu hubadilisha thamani yake kwa takribani `5e-15`. Huwezi kudai sifuri safi zaidi ya hiyo.

Sasa chukua x³ − 3x² + 3x − 1 = 0. Huu ni (x − 1)³, wenye mzizi 1 unaojirudia mara tatu. Mpe `np.roots` orodha `[1, -3, 3, -1]`. Kwa kawaida utapata namba tatu zilizoizunguka 1 kama pembe za pembetatu ndogo, kila moja ikiwa imekosea kwenye tarakimu ya tano au ya sita baada ya nukta. Tarakimu kumi nzima zimepotea. Ukiziweka namba hizo kwenye mlinganyo, zitafaulu vizuri kabisa!

Sababu yake unaweza kuihesabu bila kompyuta. Chukua 1.00001, ambayo imekosea kwa 0.00001. Ukiiweka badala ya x, unapata 0.00001 kwa kipeo cha tatu, yaani `1e-15`. Ni kiasi kilekile tulichokikubali kwa mzizi wa Newton, ilhali kule jibu lilikuwa sahihi karibu hadi tarakimu ya mwisho. Hapa mchoro umelala karibu na sifuri, kwa hiyo hata ukienda kando kidogo unabaki umeigusa.

Kwa hiyo uhakiki unahitaji kipimo cha pili, nacho ni mteremko:

```python
p = [1, -3, 3, -1]
for x in np.roots(p):
    print(x, abs(np.polyval(np.polyder(p), x)))
```

Mzizi ukiwa peke yake, gawanya salio la uhakiki kwa mteremko na utapata makadirio ya kosa la mzizi wenyewe: `5e-15` kwa 11 ni chini ya `1e-15`. Kwenye 1.00001 mteremko ni `3e-10` tu. Mteremko mdogo namna hiyo, pamoja na mizizi iliyosongamana, ni dalili ya mzizi unaojirudia. Hapo usiamini tarakimu za mwisho za mzizi mmojammoja. Jumlisha yote mitatu ugawanye kwa tatu, kwa maana makosa yao huvutana pande tofauti na wastani hurudi kwenye 1 karibu kwa usahihi wote wa kompyuta.

Kabla ya kuandika jibu kwenye ripoti, chapisha namba tatu kwa kila mzizi: mzizi wenyewe, salio lake kwenye mlinganyo halisi, na mteremko mahali hapo.