Joto la Gunia Halikaushi Mahindi

Mavuno yakishaingia ghalani, simu yangu haitulii. Wapigaji ni tofauti, swali ni lile lile: "Mtaalamu, nimepenyeza mkono katikati ya magunia nimekuta joto. Si ndiyo mahindi yanamalizia kukauka?" Hapana. Yanaoza. Nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi najibu hata kabla halijaisha.

Najua linakotoka. Jua ni joto na linakausha, basi joto lolote litakausha. Ila juani mahindi yametandazwa kwenye turubai, na upepo unaubeba unyevu na kwenda zake. Ndani ya lundo la magunia hakuna upepo, na joto lenyewe halitoki nje. Linatoka kwa kuvu na punje zenyewe, maana punje ni kitu hai, inapumua. Vyote viwili vinakula wanga, na kila kilo moja ya wanga inayoliwa hivyo huzaa zaidi ya nusu kilo ya maji. Sasa niambie: kitu kinachojitengenezea maji kitajikaushaje?

Maji hayo hugeuka mvuke, mvuke hupanda, na usiku wa baridi hukutana na magunia ya juu yaliyopoa. Hapo hutokea kile kinachotokea kwenye mfuniko wa sufuria ya wali: matone. Gunia lililoingia kavu linaloweshwa na jirani yake wa chini.

Mfanyabiashara mmoja wa Kiteto alinionyesha lundo lake la magunia 180 kwa fahari kabisa. Alipapasa magunia ya pembeni, akasema yako baridi. Ni kweli, yalikuwa baridi. Nafaka ni kama blanketi, haipitishi joto upesi. Gunia la katikati linaweza kuungua na wewe uliye nje usihisi kitu. Nikachukua nondo nyembamba ya mita moja na nusu, nikaipenyeza kati ya magunia, nikaiacha dakika 20, kisha nikaichomoa na kuishika ncha. Sehemu nne ilitoka baridi. Ya tano ilitoka moto. Kipimajoto kilisoma nyuzi 44, na hewa ya ghala ilikuwa nyuzi 26.

Fukusi na dumuzi nao hupasha nafaka joto, hata iliyo kavu. Lakini wao wakifika kama nyuzi 42 hufa au huhama. Ukikuta zaidi ya hapo, usisumbuke kutafuta mdudu, hiyo ni kazi ya kuvu. Ndiyo maana vidonge vya fosfini, ambavyo huyu bwana alikuwa ameshavinunua, visingemsaidia chochote. Vinaua wadudu, kuvu havigusi.

Tukachoma bambo. Magunia ya pembeni yalikuwa na unyevu wa asilimia 13, lile la moto asilimia 17.5. Lililokaa juu yake lilisoma 16, ingawa mwenyewe aliapa lilipokelewa likiwa 13, nami nilimwamini. Tulipolifungua la moto, punje zilitoka zimeshikana mabonge, kijani kwenye kiini, na harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Ndipo akakumbuka: magunia 12 yalinyeshewa kwenye lori, akayapanga katikati "yapate joto".

Swali la pili huja palepale: nikiyaanika tena? Kuanika kunamsimamisha kuvu, hakuondoi sumukuvu aliyokwisha kuiacha. Haiondoki juani wala haiishi kwenye sufuria ya ugali. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa kule Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa mabichi majumbani yaliua watu 125, na walikuwa wameyapika.

Basi ukikuta joto, fanya haya. Bomoa lundo siku hiyo hiyo. Tenga la moto na yote yanayoligusa, hasa la juu. Yenye mabonge na ukungu yatoe kabisa, usiyachanganye na mazuri ili yapotee humo. Yanayobaki yaanike hadi asilimia 13, yapimwe sumukuvu kabla hayajaliwa wala kuuzwa. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo. Panga upya juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, na penyeza nondo kila wiki. Huna kipima unyevu? Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, usishangilie: kati ya 13 na 15 chumvi haisemi kitu. Na mifuko isiyopitisha hewa haitibu mahindi mabichi, usiyafungie humo.

Yule bwana alipoteza magunia 12 na mengine tisa yaliyoyazunguka. Akauliza kama angalau ng'ombe wanaweza kula. Nikamuuliza maziwa anampa nani.