Hisa Laki Moja kwa Siku Tano

Saa tatu na nusu asubuhi, Soko la Hisa la Nairobi linapofunguliwa, dalali huona kwenye skrini yake safu mbili za bei: upande mmoja wanaotaka kununua, upande wa pili wanaotaka kuuza. Tuchukue kampuni ya mfano ambayo hisa yake ilifunga jana kwa shilingi 20. Leo upande wa wauzaji kuna hisa 4,000 kwa shilingi 20.10, nyingine 6,000 kwa 20.20, kisha 5,000 kwa 20.50, na mwisho 10,000 kwa 21. Baada ya hapo hakuna muuzaji.

Mfuko mmoja wa pensheni umeamua kununua hisa 100,000 za kampuni hiyo. Dalali akiiingiza oda yote kwa mkupuo bila kuweka kikomo cha bei, atazoa hisa zote 25,000 zilizopo. Atakuwa amelipa wastani wa shilingi 20.56, bei itakuwa imefika 21, na hisa 75,000 atakuwa bado hajazipata. Kampuni yenyewe haijatangaza lolote. Aliyepandisha bei ni mnunuzi mwenyewe, kwa ukubwa wa oda yake. Na wauzaji wakishatambua kuwa kuna mtu mwenye haja kubwa, oda mpya wanazoweka zinaanzia juu zaidi.

Ndiyo maana oda kubwa hukatwa vipande. Njia rahisi ni kufuata saa: kila baada ya dakika kadhaa kinanunuliwa kipande cha ukubwa uleule. Njia nyingine ni kufuata biashara ya soko. Kama kwa kawaida zinauzwa hisa 100,000 za kampuni hii kwa siku, dalali anaweza kuamua asizidi moja ya tano ya mauzo hayo, yaani hisa kama 20,000 kila siku, na oda ikamchukua siku tano. Katikati ya vipande soko hupata nafasi ya kupumua, na wauzaji wapya hujitokeza.

Lakini siku tano ni muda mrefu. Mfuko ulitaka hisa hiyo kwa sababu uliona dalili kwamba bei itapanda, na ikipanda kabla ya kununua, vipande vya mwisho vitakuwa ghali kuliko vya kwanza. Ukiharakisha, unaisukuma bei wewe mwenyewe. Ukichelewa, bei inakukimbia. Mwaka 2000 Robert Almgren na Neil Chriss waliandika hesabu ya kutafuta mwendo ulio kati ya hatari hizo mbili, na mpaka leo programu nyingi za kugawa oda zimejengwa juu ya wazo lao.

Programu hizo zinaweza kukosea vibaya zikiachwa zitazame jambo moja tu. Mchana wa tarehe 6 Mei 2010, saa nane na dakika 32 kwa saa za New York, mwekezaji mmoja mkubwa alianza kuuza mikataba 75,000 ya E-Mini, inayofuata faharasa ya hisa ya S&P 500, yenye thamani ya dola bilioni 4.1 hivi. Programu yake iliagizwa iuze kwa kiwango cha asilimia 9 ya biashara ya dakika iliyotangulia, bila kujali bei wala muda. Wadhibiti wa Marekani, SEC na CFTC, walieleza katika ripoti yao ya Septemba mwaka huo kilichofuata. Wafanyabiashara wa kompyuta walianza kuuziana mikataba ileile wao kwa wao, huku na huku, kwa kasi kubwa. Idadi ya mauzo ikapaa, na programu, ambayo macho yake yalikuwa kwenye idadi hiyo peke yake, ikaongeza kasi ya kuuza wakati wanunuzi wa kweli walikuwa wakitoweka. Oda ambayo ingeweza kuchukua saa kadhaa ilimalizika kwa takriban dakika 20, na katika muda huo bei zilikuwa zimeporomoka ghafla. Wingi wa mauzo si ushahidi kwamba kuna wanunuzi wa kutosha. Kwa hiyo kiwango cha kufuata mauzo kinahitaji kuwekewa kikomo cha bei na kikomo cha muda.

Turudi kwenye hisa zetu laki moja. Siku tano zimepita na dalali amenunua hisa 80,000 kwa wastani wa shilingi 20.50, hisa 20,000 hakuzipata kwa bei aliyoruhusiwa. Siku ya tano soko limefunga kwa shilingi 21.20. Je, alifanya kazi nzuri? Madalali wengi hujibu kwa kulinganisha bei yao na wastani wa bei ya soko zima katika siku hizo, ule unaoonekana kwenye skrini kwa jina la VWAP. Mimi siuamini ulinganisho huo kwa oda kubwa. Moja ya tano ya ununuzi wa siku ni wako. Umeuvuta wastani wenyewe juu, kisha unajipima nao.

Kipimo cha haki kilielezwa na André Perold wa Harvard mwaka 1988. Chukua mfuko wa kwenye karatasi, ulionunua hisa zote kwa bei iliyokuwepo uamuzi ulipofanywa, bila ada yoyote. Kisha toa ulichopata kweli. Tofauti ni upungufu wa utekelezaji.

Kwenye karatasi, hisa 100,000 zilizonunuliwa kwa shilingi 20 na kufika 21.20 zimeleta faida ya shilingi 120,000. Kiuhalisia, hisa 80,000 zilizonunuliwa kwa 20.50 zimeleta 56,000, na tukikadiria ada zote kuwa asilimia 1.5, zinatoka 24,600. Zinabaki 31,400. Upungufu ni shilingi 88,600.

Fedha hizo zimepotea sehemu nne. Kati ya uamuzi wa jioni na oda ya kwanza asubuhi, bei ilitoka 20 hadi 20.10, na kwa hisa 80,000 hiyo ni shilingi 8,000 za kuchelewa. Kutoka 20.10 hadi wastani wa 20.50 ni shilingi 32,000 zilizopotea wakati wa kununua. Ada ni zile 24,600. Na hisa 20,000 ambazo hazikupatikana zimekosesha faida ya shilingi 1.20 kila moja, yaani 24,000. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa haina risiti.

Zile 32,000 zinahitaji kuchunguzwa zaidi, maana zinaweza kuwa msukumo wa mnunuzi au zikawa kupanda kwa bei kulikokuwepo tayari. Njia ya kutofautisha ni kutazama bei baada ya kipande cha mwisho. Ikirudi nyuma ndani ya siku chache, sehemu kubwa ilikuwa msukumo wako, na safari ijayo upunguze mwendo. Ikibaki juu au kuendelea kupanda, dalili ilikuwa ya kweli na pengine ulikwenda polepole mno. Oda moja haitoshi kukupa jibu, kwa sababu bei ya siku moja ina misukosuko mingi isiyokuhusu. Zinahitajika oda nyingi, zikiwekwa katika makundi kwa kulinganisha ukubwa wake na mauzo ya kawaida ya siku.

Jedwali hilo likishapatikana, hurudishwa kwenye jaribio la data za nyuma, lile lililoushawishi mfuko kwamba mbinu yake inalipa. Majaribio mengi ya namna hiyo huchukua bei ya kufunga ya leo kutoa uamuzi, kisha yananunua kwa bei hiyohiyo ambayo imekwishapita, hisa zote, kana kwamba daima kuna muuzaji. Katika mfano wetu jaribio lingeandika faida ya asilimia 6 ya shilingi milioni mbili, lakini mfuko umepata chini ya asilimia 1.6.

Marekebisho huanza kwa kusogeza ununuzi wa kwenye jaribio hadi kesho yake, kutoza ada, na kuongeza gharama ya msukumo inayokua pamoja na oda. Kwenye masoko mengi imeonekana kuwa oda ikiwa kubwa mara nne, gharama ya msukumo kwa kila hisa huongezeka kama mara mbili. Kwa hiyo mbinu ileile inaweza kulipa ikinunua hisa 20,000 na isilipe ikinunua laki moja. Mfuko wetu ukiendesha jaribio upya kwa saizi mbalimbali, utaona ni oda ya ukubwa gani inayomeza faida yote, na hapo ndipo pa kuweka kikomo kabla dalali hajapigiwa simu.