Kuku wa shangazi hawajafungiwa

Kila jua linapoanza kushuka, yapata saa kumi na moja, shangazi yangu hujitanda kanga, huchukua kifurushi chake na kwenda hadi langoni. Anataka kurudi kwake Muheza. Kuku hawajafungiwa, anasema, na mumewe anarudi kutoka shamba la mkonge hajapikiwa. Mumewe alifariki mwaka 1991. Nyumba ya Muheza ina wenyewe wengine sasa.

Alipokuwa bado anakaa kwangu, nilikuwa namjibu: "Shangazi, mjomba alishafariki." Nilidhani namrudisha kwenye ukweli. Alilia kama mtu aliyepokea habari ya msiba saa ile ile, maana kwake ilikuwa ni habari mpya kweli. Kesho yake akauliza tena, nami nikamfikishia msiba ule ule. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima, hadi siku alipopotea usiku na kukutwa kando ya barabara kuu. Hakujaliwa mtoto, mimi nashinda kazini, na ndipo nikampeleka kwenye makao ya wazee. Nilijiona nimemtupa. Waliomtunza huko miaka hii minne wamenifundisha kwamba kumpenda nilimpenda, ila namna ya kumtunza nilikuwa siijui.

Ugonjwa huu si uzee wa kawaida. Mzee yeyote anaweza kusahau alipoweka miwani; mwenye shida hii huiona miwani asijue ni ya kazi gani. Aina yake inayojulikana zaidi ni Alzeima, iliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Mara nyingi huanza kushambulia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana shangazi hakumbuki kama amekunywa chai, lakini anakumbuka bei ya mafuta ya taa siku alipoolewa. Hasemi uongo wala hafanyi kusudi. Miaka ya karibuni imefutika, naye anaishi katika ile iliyobaki.

Mhudumu anayekaa naye jioni, binti ambaye wazee wote humwita Mwanangu, hambishii. Humfuata langoni, humsogelea kwa mbele ili asimshtue, kisha humwuliza: "Bibi, kuku wako wako wangapi?" Halafu hunyamaza. Kunyamaza huko kulinishinda mimi, kwani ubongo wake unahitaji muda mrefu kulipata jibu, na mtu akirudia swali kabla halijapatikana humwanzishia safari upya. Shangazi hutafuta, kisha husema kumi na wawili na jogoo mmoja mkorofi. Hapo huzunguka pamoja mwembe wa uani huku wakimzungumza huyo jogoo. Wakirudi barazani wanakuta kanga zilizoanuliwa. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na mikono yake haijasahau: huoanisha pindo kwa pindo, hulainisha kwa kiganja na kukunja. Mpaka rundo liishe, giza limeingia na safari ya Muheza imepita.

Nilimwuliza binti yule kama huko si kumdanganya. Akaniambia hajawahi kumwambia kwamba mumewe yuko hai. "Ninachojibu ni kile anachokihitaji," akasema. "Anataka kuwa na kazi, na anataka kuwa na mtu."

Kazi ngumu zaidi, kwa maelezo yao, ni kumwogesha. Miezi ya kwanza shangazi alipiga, aliuma, aliita majirani. Mtu wa nje angesema amekuwa mkali. Wao walijiuliza anaogopa nini, wakaona ni mambo matatu: baridi, maji yanayomwagwa kichwani ghafla, na aibu ya kuvuliwa nguo na mtu asiyemkumbuka. Basi wakageuza utaratibu. Humwogesha mwanamke tu, saa nne asubuhi, jua likiwa limepamba moto. Maji hupimwa kwa kiwiko. Huanza miguuni, wakipanda taratibu, na kichwa huwa cha mwisho, kwa kitambaa badala ya kopo. Muda wote kanga moja iko mwilini. Hufunuliwa sehemu inayooshwa tu, kisha hufunikwa. Yeye mwenyewe hushika kitambaa kimoja na kuosha anapoweza, hata kama ni goti lile lile mara tano.

Akikataa, huacha. Hurudi baada ya nusu saa, na mara nyingi huwa ameshasahau kwamba alikataa. Lakini wangemlazimisha, angesahau tukio na kubaki na hofu yake, kwa sababu hisia hudumu hata pale kisa chake kilipokwishapotea. Huo ndio ujuzi ninaowashukuru zaidi, nao hufanywa mlango ukiwa umefungwa, mahali ambapo hakuna jamaa wala mgeni wa kuusifu.

Kiswahili nacho kilianza kumtoka, akarudi kwenye Kibondei cha utotoni. Hakuna mhudumu hata mmoja anayekijua. Wakanipigia simu wakitaka maneno machache tu: maji, choo, njaa, baridi, maumivu. Waliyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kitanda chake, kila zamu iyasome.

Mwaka jana, kwa siku mbili, shangazi alibadilika. Mchana alisinzia katikati ya sentensi, usiku alikamata wadudu wasioonekana, na chakula alikisukuma. Mimi ningesema ugonjwa umepanda. Wao walifungua daftari lao, ambamo huandika alichokula, alivyolala na alivyokwenda haja, wakaona kwamba mkojo umepungua na hali imegeuka ndani ya siku mbili. Shida ya kumbukumbu hushuka kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa saa au siku ni dalili ya jambo jingine: maambukizi, malaria, upungufu wa maji, choo kilichofunga, au dawa mpya. Kwa wazee homa huweza isionekane kabisa. Walimpeleka zahanati siku hiyo hiyo, kipimo kikaonyesha maambukizi katika njia ya mkojo, na baada ya wiki moja ya dawa alirudi kuulizia kuku wake. Kama asingekuwepo mtu anayemjua alivyo kila siku, tungemzika tukisema ni uzee.

Sisemi kwamba wanamponya. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana, na shangazi anazidi kwenda. Siku hizi chakula chake hupondwa, na hulishwa akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, mpaka ameze ndipo kije kingine, ili kisimpalie. Mlo mmoja huchukua karibu dakika arobaini. Yupo mtu anayekaa naye dakika zote hizo, mara tatu kwa siku, kwa mshahara ambao wengi wetu tungeukataa.

Kwenu nyote wa makao yale, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku: asanteni. Mlimkuta bibi asiyejua jina lake, mkatutafuta sisi tunaolijua, na mpaka leo mnamwita kwalo kila asubuhi kabla ya kumgusa.

Nawe msomaji mwenye mzee kama huyu, nyumbani au makaoni, ukienda kumwona usimwulize, "Unanikumbuka?" Ni mtihani asioweza kuushinda. Keti mbele yake, taja jina lako, sema wewe ni mtoto wa nani. Kisha waandikie wanaomtunza ukurasa mmoja: jina alilopenda kuitwa, kazi aliyoifanya, lugha ya kwao, na kinachomtia hofu. Waachie kabla hujaaga.